Kwa Nini 4G Hutoweka Simu Ikipigwa

Kati ya Moshi mjini na vijiji vilivyotanda juu ya barabara ya Himo hadi Marangu, lipo jambo linalotokea mara nyingi kiasi kwamba watumiaji wa simu wamelizoea bila kulipatia maelezo: simu iliyokuwa inashika 4G na kufungua kila kitu kwa wepesi hupigiwa, na papo hapo alama iliyo juu ya kioo hubadilika kuwa H+, 3G au hata E, intaneti hupungua kasi au husimama kabisa, na pengine hubaki hivyo kwa dakika kadhaa baada ya mazungumzo kwisha. Wengine husema bando limeliwa, wengine husema mtandao unasumbua kwa sababu ya mlima au mvua, na wengine huilaumu simu yenyewe kuwa imechakaa. Mara nyingi hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotokea. Simu imetii amri iliyotolewa na mnara wa 4G wenyewe, amri inayoitaka iuache mtandao wa kasi ikatafute mtandao wa zamani, kwa kuwa mtandao wa kasi, kwa jinsi ulivyoundwa, hauna njia ya kubeba simu ya sauti ya kawaida.

Mitandao ya kizazi cha pili, yaani 2G inayofuata kanuni za GSM, iliundwa kwanza kwa ajili ya sauti. Katika mitandao hiyo, kila kipande cha masafa chenye upana wa kilohezi 200 hugawanywa katika zamu nane zinazozunguka kwa haraka, na mtu anayepiga simu hupewa zamu moja iwe yake tangu simu inapounganishwa hadi inapokatwa, awe anazungumza au amenyamaza. Njia hiyo iliyotengwa tangu kwa mpigaji hadi kwa mpigiwa ndiyo wahandisi wanayoiita saketi. Data hupita kwa utaratibu mwingine, kwani hukatwakatwa kuwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti, na kila pakiti husafiri peke yake katika njia inayotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Tofauti ya mambo hayo mawili inafanana na ile iliyopo kati ya mtu anayekodi gari zima kutoka Moshi hadi Dar es Salaam na mtu anayepeleka mzigo stendi ili upakiwe katika basi lenye nafasi: wa kwanza analipia gari hata viti vikiwa vitupu, na wa pili anachukua nafasi ya mzigo wake tu.

Kizazi cha tatu kilibaki na njia zote mbili, saketi kwa ajili ya sauti na pakiti kwa ajili ya data, na ndiyo maana simu ya 3G huweza kubeba mazungumzo na intaneti kwa wakati mmoja. Kizazi cha nne kilikata shauri la kuachana na saketi moja kwa moja. Kanuni zake za kwanza zilikamilishwa mwishoni mwa mwaka 2008, huduma ya kwanza ya kibiashara ikafunguliwa Stockholm na Oslo Desemba 2009, na katika kanuni hizo kila kitu, pamoja na sauti, kilitarajiwa kusafiri kama pakiti. Tatizo ni kwamba wakati minara ya kwanza ya 4G inawashwa, utaratibu wa kupitisha simu za kawaida ndani ya pakiti ulikuwa bado haujakubaliwa na wote. Chama cha kampuni za simu duniani kiliupitisha rasmi mwaka 2010 kwa jina la VoLTE, na kampuni za kwanza kuuza huduma hiyo, zilizokuwa Korea Kusini na Marekani, zilianza Agosti 2012. Kwa hiyo ilihitajika njia ya kuvukia, nayo ilikuwa rahisi kuisema ingawa ni ngumu kuitekeleza: simu ikae 4G kwa ajili ya intaneti, na kila inapopigwa au inapopiga irudishwe kwenye 3G au 2G ambako saketi ipo. Wahandisi huiita CSFB, yaani kurejea kwenye saketi, na njia hiyo ya mpito ingali inatumika Tanzania na katika nchi nyingi zaidi ya miaka kumi baadaye.

Hatua zake zinafaa kufuatwa moja baada ya nyingine, kwa kuwa kila hatua ina muda wake na mahali pake pa kukwama. Simu inapowashwa Marangu Mtoni na kushika 4G, hujiandikisha mara mbili kwa pamoja: kwanza katika kitovu cha 4G, na pili, kwa kupitia kitovu hicho, katika kituo cha kuunganisha simu za sauti ambacho ni cha mitandao ya zamani. Mtu aliyeko Moshi mjini anapopiga, simu yake hufika katika kituo hicho cha sauti, kituo kikaona kwamba mpigiwa yuko chini ya 4G, kikatuma taarifa kwenye kitovu cha 4G kwamba mteja wake ana simu. Mnara wa 4G humwita mpigiwa. Ikiwa simu yake imelala ili kutunza chaji, mnara husubiri zamu yake ya kuamka, ambayo kwa mpangilio ulioenea huja kila baada ya sekunde 1.28. Simu hujibu kwamba iko tayari kuhama. Hapo ndipo mnara wa 4G hukata uhusiano nayo na kuitajia masafa ya 3G au ya 2G ambako inapaswa kwenda.

Kuanzia sekunde hiyo simu haimo katika mtandao wowote. Inabidi igeuze redio yake kwenye masafa iliyotajiwa, itafute mnara unaosikika, isome matangazo ambayo mnara huo huyatoa kuhusu jina lake, eneo lake na masharti yake, kisha iombe nafasi na kukitaarifu kituo cha sauti kwamba imefika. Ndipo mlio wa kuita unapoanza. Kwa mpigaji, yote haya ni ukimya wa sekunde chache za ziada kabla ya kusikia simu inaita, na wengi hukata wakidhani haijakwenda. Kwa mpigiwa, video iliyokuwa inacheza huganda kabla hata simu haijaita mfukoni, na mtu makini anaweza kujua kwamba anapigiwa kwa kuona intaneti imesimama ghafla.

Ipo hatua moja katika mfuatano huo ambayo kwenye miteremko ya Kilimanjaro inastahili kutazamwa kwa karibu. Mitandao ya zamani imegawa nchi katika maeneo ya utafutaji, kila eneo likiwa na namba yake, ili kituo cha sauti kijue ni minara ipi iite mteja anapotafutwa. Mnara wa 4G nao una eneo lake, na kampuni hulazimika kuoanisha maeneo ya 4G na yale ya zamani ili simu inaposhuka iangukie katika eneo lilelile ambalo kituo cha sauti kinalitarajia. Kwenye uwanda ulio tambarare kazi hiyo hufanyika kwa ramani bila taabu kubwa. Kwenye mlima uliokatwakatwa na mabonde ya mito kama Karanga, Weruweru na Kikafu, nyumba iliyo kwenye kigongo kimoja huweza kupata 4G kutoka mnara wa jirani uliofichwa nusu na migomba na miti ya kivuli, huku sauti ya 2G inayosikika kwa nguvu zaidi ikitoka mnara ulio mbali kabisa, ng'ambo ya bonde au chini uwandani, kwa sababu masafa ya megahezi 900 yanayotumiwa na 2G husafiri mbali na kupenya majani vizuri kuliko masafa ya juu. Simu inayoshuka katika mazingira hayo huweza kujikuta katika eneo lisilotarajiwa, na kabla ya kupokea chochote inalazimika kujiandikisha upya, jambo linaloongeza sekunde kadhaa. Ikiwa eneo hilo liko chini ya kituo kingine cha sauti, simu inayoingia huweza kupotelea njiani, na mpigaji akasikia ile sauti inayofahamika na kila Mtanzania ikimwambia kwamba mteja hapatikani kwa sasa, ilhali mteja ameketi na simu mkononi, imewaka, na dakika moja iliyopita ilikuwa na 4G iliyojaa.

Baada ya simu kushuka, hali ya intaneti hutegemea imeangukia wapi, na hapa tofauti ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ikiangukia 3G, mazungumzo na data huendelea pamoja, ila data sasa inapita katika njia nyembamba. Ikiangukia 2G, data haipungui tu bali husimamishwa. Simu nyingi za GSM haziwezi kushika zamu ya sauti na zamu ya data kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtandao huiweka data kiporo kwa muda wote wa mazungumzo. Uhusiano wa intaneti haufutwi, na kwa kawaida huendelea pale ulipoishia simu inapokatwa, lakini programu iliyokuwa inapakia faili haijui habari hiyo. Huona kimya, huhesabu sekunde zake, na baadhi hukata tamaa na kuandika kwamba kazi imeshindikana.

Mfano wa hesabu utasaidia kuonyesha ukubwa wa tofauti hiyo. Chukulia wakala wa safari za mlima mwenye ofisi Marangu anayepakia video ya megabaiti 60 kwa ajili ya wageni wake, akiwa na 4G inayopakia kwa megabiti 8 kwa sekunde. Megabaiti 60 ni megabiti 480, kwa hiyo kazi yote ingechukua dakika moja. Nusu ya kazi ikiwa imekwisha, yaani baada ya sekunde 30, anapigiwa simu ya dakika tatu. Ikiwa simu yake imeshuka kwenye 3G inayopakia kwa megabiti 1 kwa sekunde, dakika tatu hizo zitabeba megabaiti 22.5, na simu inapokatwa bado kuna megabaiti 7.5 ambazo 4G ingezimaliza kwa sekunde zisizozidi nane. Ikiwa imeshuka kwenye 2G, dakika tatu hazikubeba hata picha moja. Na kama baada ya kukata simu itaendelea kukaa kwenye alama ya E kwa dakika mbili, kwa kasi ya kilobiti 60 kwa sekunde, itaongeza chini ya megabaiti moja. Kwa kasi hiyo, faili lote kuanzia mwanzo lingehitaji zaidi ya saa mbili. Kasi za namna hiyo hutofautiana na mahali na saa, lakini uwiano kati yake ndio ambao mtumiaji huuhisi anaposema kwamba simu moja imemharibia kazi.

Swali ambalo watu huuliza kwa uchungu zaidi linahusu kinachofuata: mazungumzo yamekwisha, kwa nini 4G hairudi mara moja? Jibu liko katika jinsi kampuni ilivyoipanga minara yake. Upo mpangilio ambao mnara wa 3G au wa 2G, simu inapokatwa, huituma simu moja kwa moja kwenye masafa ya 4G, na kurejea huchukua muda mfupi usioonekana. Mpangilio huo usipowekwa, simu huachwa irudi kwa juhudi zake, na juhudi hizo zina masharti. Simu iliyo kwenye 3G haiwezi kujichagulia mtandao mwingine maadamu ina mazungumzo ya data na mnara. Inaruhusiwa kuhama ikiwa imetulia tu. Hivyo yule wakala wa Marangu ambaye video yake inaendelea kupakiwa ndiye hasa anayejizuia kurudi, kwa kuwa kila pakiti inayopita humfanya aonekane yuko kazini, na kadiri 3G inavyokuwa ya polepole ndivyo kazi inavyorefuka na ndivyo kukaa kwake huko kunavyorefuka. Programu zinazochungulia ujumbe mara kwa mara bila mtu kuzigusa hufanya vivyo hivyo kwa kiasi kidogo.

Hata simu ikitulia, kanuni haziilazimishi kutafuta 4G kila sekunde, kwani kufanya hivyo kungemaliza chaji. Pale ambapo mnara wa zamani unasikika vizuri, simu hutakiwa kutafuta mtandao wenye kipaumbele cha juu angalau mara moja kila sekunde 60 kwa kila tabaka la masafa, kwa hiyo eneo lenye matabaka mawili ya 4G linaweza kumfanya mtu asubiri dakika mbili bila mtandao kuwa na kosa lolote. Aidha, simu hujua pa kutafuta kwa sababu mnara wa zamani hutangaza orodha ya masafa ya 4G yaliyo jirani. Mnara ambao orodha yake haikuongezwa masafa mapya, kwa mfano mnara wa 2G wa siku nyingi ambao jirani zake wamewekewa 4G bila yeye kusahihishwa, huiacha simu gizani. Simu itakaa hapo hadi ipoteze mawimbi au hadi mtu aizime na kuiwasha. Hii ndiyo sababu ya ule ujanja unaojulikana mitaani wa kuweka hali ya ndege kwa sekunde chache kisha kuiondoa: simu huanza utafutaji upya kana kwamba imewashwa sasa hivi, na huanza na mtandao inaoupendelea. Ujanja huo ni halali na hufanya kazi. Iwapo kuna mahali ambapo mtu hulazimika kuufanya kila baada ya simu, hapo kuna kasoro ya mpangilio wa mnara inayostahili kuripotiwa kwa kampuni ikitajwa kijiji, saa na alama iliyobaki juu ya kioo, kwa sababu mhandisi anayepokea taarifa ya namna hiyo anajua orodha ipi ya kufungua, na anayeambiwa tu kwamba mtandao ni mbovu hajui aanzie wapi.

Simu ya sauti siyo kitu pekee kinachoishusha simu. Menyu za huduma za fedha zinazofunguliwa kwa kubonyeza namba zenye nyota na reli, kama `*150*00#` ya M-Pesa au `*150*60#` ya Airtel Money, nazo ni huduma za upande wa saketi, ingawa hazina sauti. Katika mtandao ambao haujaziwekea njia ya pakiti, simu iliyo kwenye 4G hushuka kwanza ndipo menyu ifunguke, na ndiyo maana mtu anayetuma fedha kwa njia hiyo huku akiwagawia wengine intaneti huwakatisha bila kujua. Programu ya M-Pesa inayopakuliwa kwenye simu hutumia data na haina tabia hiyo. Ujumbe mfupi wa maandishi nao haushushi simu, kwa kuwa waliotunga kanuni waliupatia kijia kinachopita kati ya kituo cha sauti na kitovu cha 4G. Simu za WhatsApp ni data kama data nyingine, hazina haja ya saketi, na kwa hiyo 4G hubaki mahali pake. Kinachozikata ni simu ya kawaida inayoingia katikati yake na kuivuta simu nzima kwenda 2G.

Kabla ya kuhukumu kwamba tatizo ni hili, ni lazima kulitenga na jingine linalofanana nalo sana, nalo ni la laini mbili. Simu nyingi zinazotumika Tanzania hubeba laini za kampuni mbili, lakini redio yake ni moja yenye kugawana zamu. Data ikiwa laini ya kwanza na simu ikaingia laini ya pili, redio huhamia laini ya pili na data ya laini ya kwanza husimama, hata kama kampuni zote mbili zina mitandao ya kisasa. Namna ya kutofautisha ni kutazama alama: katika suala la laini mbili, laini iliyopigiwa siyo yenye data, na data hurejea karibu mara tu simu inapokatwa; katika suala la kurejea kwenye saketi, laini ni ileile moja, alama yake hushuka kutoka 4G, na kupanda tena huchukua muda. Anayetaka uhakika zaidi anaweza kubonyeza `*#*#4636#*#*` katika simu nyingi za Android, ambako ukurasa wa taarifa za simu huonyesha aina ya mtandao wa sauti na aina ya mtandao wa data kila mmoja peke yake. Kabla ya kupiga, data itaandikwa `LTE`. Wakati wa mazungumzo ikigeuka kuwa `UMTS`, `HSPA` au `EDGE`, simu imeshuka. Ikibaki `LTE`, mazungumzo yanapita ndani ya 4G.

Katika ukurasa huohuo baadhi ya simu humruhusu mtu kuchagua `LTE only`, yaani kushika 4G pekee, na wapo wanaochagua hivyo ili intaneti yao isivurugwe. Matokeo yake ni kwamba simu isiyo na VoLTE haiwezi tena kwenda ilikoitwa, na wote wanaoipigia huambiwa kwamba haipatikani. Kwa ofisi au nyumba inayohitaji intaneti isiyokatika, suluhisho lililo safi zaidi ni laini ya pekee ndani ya ruta au modemu, kifaa ambacho hakipigiwi simu na hivyo hakina sababu ya kushuka.

Dawa yenyewe ni VoLTE, ambayo husafirisha sauti kama pakiti zilizopewa kipaumbele ndani ya 4G, huunganisha simu kwa haraka zaidi na hutoa sauti angavu, kwa kuwa husafirisha masafa ya sauti ya binadamu hadi hezi 7,000, ikilinganishwa na hezi 3,400 za simu ya zamani. Hata hivyo vitu vitatu lazima vikutane: kampuni iwe imewasha huduma hiyo katika mnara husika, laini iwe imeruhusiwa, na simu iwe na mpangilio wa kampuni hiyohiyo ndani ya programu yake. Sharti la tatu ndilo linalowashangaza wengi uchagani. Simu zinazoletwa na ndugu kutoka Ulaya, Marekani au Dubai, hasa Desemba ambapo familia hurudi mlimani kwa Krismasi, mara nyingi zina VoLTE ya kampuni za huko zilikotengenezewa, na zinapowekewa laini ya Tanzania huenda zisiitambue, hata kama ni za gharama kubwa. Hivyo simu ya bei hushuka 2G kila ikipigiwa, na simu ya kawaida iliyonunuliwa dukani Moshi, iliyotayarishwa kwa soko la nchi, hubaki 4G. Nchini Marekani simu hiyohiyo haikuonyesha dalili hiyo kwa kuwa kampuni kubwa za huko zilizima 3G mwaka 2022 na nyingi kati yake hazikuwa tena na pa kuishusha.

Tanzania haiwezi kuzima mitandao yake ya zamani kwa haraka, na sababu ni ya haki. Vitochi vingali mikononi mwa wazee na wakulima wengi, na vingi kati yake havijui kitu kingine zaidi ya 2G. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitiliana saini na kampuni za simu ili zijenge minara 758 vijijini na kuipandisha hadhi minara 304 iliyokuwa ya 2G, na katika kazi ya namna hii kinachoamua maisha ya mtumiaji ni kile kinachoachwa chini ya 4G. Mnara wa 2G ukiongezwa 4G tupu bila 3G na bila VoLTE, kijiji hupata intaneti ya kasi inayokufa kabisa kila simu inapoita. Ukiongezwa pamoja na VoLTE iliyowashwa tangu siku ya kwanza, wenye simu zinazokubali hawatajua kamwe kwamba tatizo hili liliwahi kuwapo. Kuwasha VoLTE hakuongezi mnara mwingine wala nguzo nyingine, ingawa kunahitaji leseni za programu na kazi ya kuoanisha mipangilio, na ni vigumu kuona kwa nini kijiji kipewe nusu ya faida wakati mashine imekwisha kupandishwa mlimani.

VoLTE nayo ina kikomo chake, na kikomo hicho huonekana kwa urahisi zaidi mahali penye makorongo. Mtu anayezungumza kwa VoLTE akishuka bondeni ambako 4G haifiki, simu yake huhamishiwa kwenye saketi ya 3G au 2G katikati ya maneno, na data yake hupata msukosuko uleule uliokwisha kuelezwa. Vodacom ilipowasha 5G nchini Septemba 2022, kanuni hiyo ilijirudia ngazi moja juu: simu ya 5G inayopigiwa hutegemea 4G yenye VoLTE iliyo chini yake, na pasipo VoLTE huporomoka kutoka ngazi ya juu kabisa hadi ile ya zamani kwa mara moja.

Juu zaidi, Shirika la Mawasiliano Tanzania lilifikisha intaneti Horombo, mita 3,720, Agosti 2022, na kileleni Uhuru, mita 5,895, Desemba mwaka huohuo. Pale inapopatikana kwa Waifai, intaneti hiyo haitoki katika mnara wa simu bali katika kifaa cha karibu, na kupigiwa hakuigusi, kwa sababu redio ya Waifai na redio ya simu ni mbili tofauti ndani ya kifaa kimoja. Mpagazi anayeshika Waifai Horombo anaweza kupokea simu kwa 2G dhaifu inayopanda kutoka uwandani huku picha zake zikiendelea kwenda nyumbani, jambo ambalo ndugu yake aliyeko Marangu Mtoni, chini ya mnara wenye 4G iliyojaa, hawezi kulifanya kama mnara huo hauna VoLTE na simu inaangukia 2G.